Shajara ya foronya mbili: mshono wa shina, mshono wa kupasua, na mipindo mikali

Jumamosi, kuchora na kuchagua uzi

Kazi ni foronya mbili za popilini nyeupe ya pamba, za chumba cha maharusi. Moja itaandikwa Lala, ya pili Salama, na kila moja itazungukwa na mmea wa mpesheni unaotambaa pembezoni, pamoja na vikono vyake vile vinavyojisokota vikitafuta pa kushika. Mwenye kazi hataki kujaza rangi kwenye majani wala maua. Anataka mstari mtupu wa kijani kilichokolea, basi. Kwa hiyo hakuna pa kujificha: mstari ukiwa mzuri foronya imependeza, mstari ukivunjika kila mgeni atakayeketi kitandani atauona.

Nimechora kwa kalamu ya risasi, karatasi ikiwa nyuma ya kitambaa kwenye kioo cha dirisha. Karatasi ya kaboni ya buluu siitumii kwenye nguo nyeupe, kwa sababu alama yake hukaa hata baada ya kufua. Kabla ya kuinua sindano nimepima mipindo yote kwa rula. Shina kubwa la mmea linapinda polepole, halina tabu. Herufi S ina mipindo miwili, kila mmoja ni sehemu ya duara lenye upana wa milimita 12. Vikono ndivyo vinavyotisha: mzunguko wa nje una upana wa milimita 6, na ule wa ndani kabisa una milimita 3 tu. Humo ndimo kazi nzima itakamoamuliwa.

Uzi ni ule wa pamba wa kawaida wa kudarizi, wenye nyuzi sita zilizolala pamoja. Nitatumia nyuzi mbili kwa shina na herufi, na uzi mmoja kwa sehemu za ndani za vikono. Nyuzi nazichomoa moja moja kutoka kwenye kipande kilichokatwa, kisha naziweka pamoja upya. Ukivuta mbili kwa mpigo hutoka zikiwa zimezongana, na mstari unaanza na dosari kabla hujashona lolote. Kipande nakikata kifike sentimita 45 hivi. Kikizidi hapo, uzi unapita kitambaani mara nyingi mno, unachakaa na kupoteza msokoto kabla haujaisha.

Jambo la mwisho kwa leo ni kuutazama msokoto wenyewe. Shika uzi mmoja wima mbele ya mwanga na uangalie mistari midogo inayokatiza juu yake. Ikishuka kutoka kushoto kwenda kulia, kama tumbo la herufi S, huo ni msokoto wa S. Ikishuka kutoka kulia kwenda kushoto, kama mstari wa kati wa herufi Z, ni msokoto wa Z. Uzi wangu ni wa S, kama zilivyo nyuzi nyingi za pamba za kudarizi. Uzi wa cherehani kwa kawaida ni wa Z, na nyuzi za rayoni zinazong'aa zinazotumika kwenye darizi ya Kibrazili nazo ni za Z. Anayenunua uzi mchanganyiko sokoni autazame kwanza, maana yote nitakayoandika kuanzia kesho yanasimama juu ya hili.

Jumapili, kitambaa cha majaribio

Kwenye kipande cha popilini ile ile nimeshona mistari miwili iliyonyooka, sambamba, uzi ule ule, urefu wa mshono ule ule. Yote miwili nimeenda kutoka kushoto kwenda kulia. Kilichotofautiana ni mahali ulipolala uzi unaofanya kazi wakati sindano inatoka.

Mshono wa shina hufanywa hivi: sindano inaingia mbele kwenye mstari, kisha inatoka nyuma, katikati ya urefu wa mshono uliotangulia, pembeni yake. Ukiweka uzi chini ya sindano, yaani upande wako, sindano itatokea upande wa juu wa mshono uliotangulia. Mshono mpya unaanzia juu na kuishia chini ya ule utakaofuata. Mishono yote inalala kwa mshazari mmoja, kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, na mstari unaonekana umesokotwa. Ukiuweka uzi juu ya sindano, mshazari unageuka.

Nimeweka mistari hiyo miwili chini ya mwanga wa upande. Ule wa uzi chini umesimama, kila mshono unaonekana kwa ukingo wake. Ule wa uzi juu umelala, mishono imeyeyukiana na mstari umekuwa bapa zaidi na mwembamba kwa macho. Sababu yake inaonekana kwenye kamba yoyote ya katani. Fundi wa kamba husokota nyuzi kuelekea upande mmoja, kisha husokota zile nyuzi pamoja kuelekea upande wa pili, na kamba ya kawaida huishia kuwa ya Z iliyotengenezwa kwa nyuzi za S. Mstari wa uzi chini ni hivyo hivyo: ukiusimamisha wima kama ulivyoushika uzi jana, mishono inazunguka kwa Z, na uzi wenyewe ni wa S, kwa hiyo kila mshono unajitenga na jirani yake. Mstari wa uzi juu unazunguka kwa S na uzi nao ni wa S, kila kitu kinaelekea upande mmoja, na ukingo wa mshono unapotea.

Hakuna mstari mbaya kati ya hiyo miwili. Kwa nywele za mtu au mkunjo wa nguo ningechagua ule bapa. Kwa shina la mpesheni nataka ule uliosimama. Kibaya ni kuchanganya, maana mahali pa kubadilishia panaonekana kutoka mlangoni: mstari unakuwa mnene, halafu mwembamba, halafu mnene tena, na mtazamaji atadhani uzi umebadilishwa.

Sasa, maneno “juu” na “chini” yanatosha kwenye mstari ulionyooka peke yake. Mstari ukianza kupanda, kushuka na kurudi ulikotoka, chini ni wapi? Nimeandika ubavuni mwa mchoro kanuni ninayoitumia: jifikirie unatembea juu ya mstari, ukielekea mshono unakoelekea, uzi ukae mkono wako wa kulia, sindano itokee mkono wako wa kushoto. Kanuni hii haijali ringi ya kukazia kitambaa umeigeuza vipi. Na ina jambo moja zaidi ambalo kazi yote ya vikono itaegemea: msokoto haujali umeanzia mwisho upi. Kamba ya Z ukiishika kwa ncha hii au ile ni Z. Kwa hiyo mstari ulioshonwa kutoka kushoto na mstari ulioshonwa kutoka kulia vitafanana kabisa, mradi kila mmoja uzi wake umelala kulia kwa msafiri.

Jumatano, foronya ya pili

Foronya ya Salama inaanzwa na binti anayejifunza kwangu. Ana mkono mzuri, mishono yake ni sawasawa kuliko ya wengi waliomtangulia. Anatumia mkono wa kushoto. Leo ameleta shina la kwanza, kama urefu wa kiganja, na ameliweka kando ya langu.

“Dada, mbona yangu imelala na yako imesimama? Uzi si ni ule ule?”

Uzi ni ule ule, nafasi ni ile ile, hata mkazo ni ule ule. Nimemwomba ashone mishono michache mbele yangu. Alijifunza kwa kutazama picha kitabuni, na kwa kuwa anatoka kulia kwenda kushoto aliigeuza picha kama kwenye kioo: mwendo umegeuka, lakini uzi ameuacha chini ya sindano, kama picha inavyoonyesha. Ukitembea kwenye mstari wake kwa mwendo wake, uzi uko mkono wa kushoto. Kioo hugeuza msokoto, kwa hiyo amepata mstari wa S kwa uzi wa S.

Dawa yake ni kuizungusha picha nusu duara badala ya kuigeuza kwenye kioo. Anaendelea kutoka kulia kwenda kushoto, na uzi anauweka juu ya sindano. Kwa msafiri wa kwenye mstari huo ni mkono wa kulia. Ameshona tena hapo hapo na mstari umesimama kama wangu. Nimemwambia asiufumue ule wa kwanza mpaka auchunguze vizuri kwa kidole na kwa jicho, kwa sababu ipo siku atautaka.

Kulikuwa na swali la pili, nalo ni la haki. Foronya hizi zitakaa kitandani zikitazamana, na mimea yake imechorwa ikitazamana vilevile. Je, msokoto nao si utazamane? Tukifanya hivyo, foronya moja itakuwa na mstari uliosimama na nyingine mstari uliolala, kwa kuwa uzi haugeuki pamoja na mchoro. Nimeamua mchoro utazamane, msokoto ubaki Z kwenye foronya zote mbili. Anayetaka msokoto nao utazamane atafute uzi wa Z wa rangi ile ile kwa foronya ya pili, na hilo si rahisi kulipata.

Ijumaa, mpindo unavyoukata mstari

Leo ni vikono, mzunguko wa nje, ule wa upana wa milimita 6. Kabla ya kugusa foronya nimerudi kwenye kitambaa cha majaribio na kuchora miduara midogo ya upana huo.

Mshono ni kipande kilichonyooka. Ukiuweka kwenye mpindo, unakata njia ya mkato: ncha zake mbili ziko kwenye mstari uliochorwa, na tumbo lake limeingia ndani ya duara. Kwenye duara la milimita 6, mshono wa milimita 4 unaingia ndani karibu robo tatu ya milimita. Nyuzi mbili za pamba zikilala pamoja zina upana wa kama nusu milimita, kwa hiyo mkato huo ni mkubwa kuliko uzi wenyewe na utaonekana kama kona. Mshono wa milimita 2 unaingia ndani kiasi cha sehemu moja ya sita ya milimita, na uzi unaufunika mkato huo wote. Urefu ukipunguzwa nusu, mkato unapungua kama mara nne. Ndiyo maana kufupisha mshono kunasaidia sana, na ndiyo maana kuufupisha kidogo tu mara nyingi hakutoshi.

Nafupisha kabla ya mpindo, hatua kwa hatua: kutoka milimita 4 za shina kwenda 3, kisha 2 na nusu, kisha 2 ninapoingia kwenye kikono. Mishono mirefu ikikutana na mifupi ghafla, mahali hapo panaonekana kama fundo hata kama mpindo wenyewe ni laini.

Lakini urefu ni nusu ya habari. Nimeshona miduara miwili kwa mshono wa milimita 2 ule ule, uzi mkono wa kulia kama kanuni inavyosema. Mmoja nimeuzunguka kwa mwendo wa saa, mwingine kinyume cha mwendo wa saa. Wa kwanza una meno meno upande wa ndani, na mahali pengine kitambaa kinachungulia kati ya mishono. Wa pili umefunga, ukingo wake wa nje ni laini.

Tofauti inatokea pale sindano inapotokeza. Ukizunguka kinyume cha mwendo wa saa, kitovu cha duara kiko kushoto kwako. Uzi uko kulia, yaani nje ya mpindo, na sindano inatokea kushoto, yaani ndani, kati ya mshono uliotangulia na kitovu. Mshono ule ulikuwa unataka kuporomokea ndani; sasa mshono mpya umesimama mahali pale pale ulipotaka kwenda, na unausukuma nje urudi kwenye mstari. Ukizunguka kwa mwendo wa saa, sindano inatokea nje. Mshono uliotangulia hauna cha kuuzuia, unaporomokea ndani, na kati yake na mshono mpya panabaki mwanya. Ukikaza uzi ndio unauporomosha zaidi.

Binti alisikiliza, akasema, “Basi ni kama tawafu, kituo kikae kushoto.” Ni mwelekeo huo huo, na hatausahau.

Jibu linalowajia wengi mpindo unapogeuka ni kuhamishia uzi upande wa pili, ili ubaki nje ya mpindo siku zote. Mpindo utafunga kweli, lakini msokoto utageuka kutoka Z kwenda S, na tumesharudi kwenye mstari mnene na mwembamba. Mimi uzi siuhamishi. Ninachobadilisha ni mwisho wa kuanzia. Kikono kinachojikunja kinyume cha mwendo wa saa kuelekea ndani, nakishona kutoka kwenye shina kwenda kitovuni. Kikono kinachojikunja kwa mwendo wa saa kuelekea ndani, nakishona kutoka kitovuni kuja kwenye shina. Kwa mwendo huo kinageuka kuwa kinyume cha mwendo wa saa, uzi unakaa nje, na msokoto unabaki Z. Nimepita mchoro wote kwa kalamu ya risasi na kuweka mshale mdogo kando ya kila kikono. Kwenye foronya ya pili, kwa kuwa mchoro unatazamana na huu, mishale yote imegeuka.

Shina kubwa lenyewe linapinda huku na huku, na haiwezekani kulikata vipande kila linapogeuka. Hapo naliacha lipite. Mipindo yake ni mipana, mkato wake ni mdogo kuliko uzi, na kwenye vipande vinavyokwenda kwa mwendo wa saa nafupisha mishono hadi milimita 3. Inatosha.

Jumamosi, herufi S

Herufi hii nilikuwa naingoja. S ina mpindo wa juu na mpindo wa chini, na inapinda pande mbili tofauti. Ukianzia juu, mpindo wa kwanza unauzunguka kinyume cha mwendo wa saa, vizuri kabisa, halafu baada ya tumbo la herufi unajikuta unazunguka kwa mwendo wa saa. Ukianzia chini ni vile vile: mpindo wa chini unakuwa kinyume cha mwendo wa saa na wa juu unakuwa kwa mwendo wa saa. Ukienda kwa mwendo mmoja, nusu ya S itafunga na nusu itaonyesha meno.

Kwa hiyo S nimeishona kutoka ncha zake mbili kuja katikati. Uzi wa kwanza unaanzia ncha ya juu, unazunguka mpindo wa juu na kuishia katikati ya tumbo. Uzi wa pili unaanzia ncha ya chini, unazunguka mpindo wa chini na kuja kukutana na wa kwanza. Kila mmoja uko kinyume cha mwendo wa saa, kila mmoja uzi uko kulia kwake. Mishono nimeiweka milimita 2 na nusu kwenye mipindo, na 3 kwenye tumbo ambako mstari unanyooka.

Binti aliuliza kiungo kitakuwaje, mistari miwili inapogongana uso kwa uso. Nimemchorea kwa kalamu. Kwenye mshono wa shina, nusu ya mwisho ya kila mshono inalala kulia kwa msafiri, na nusu ya kwanza ya mshono unaofuata inalala kushoto kwake. Mstari wa juu unapofika mwisho, mshono wake wa mwisho umeacha nafasi tupu upande wa kushoto, pale ambapo mshono unaofuata ungeanzia. Mstari wa chini unakuja ukitazamana nao, na nusu ya mwisho ya mshono wake inalala kulia kwake yeye, ambako ndiko kushoto kwa yule wa kwanza. Inaingia kwenye nafasi ile ile iliyoachwa.

Kwa vitendo ni hivi. Malizia mstari wa kwanza na uufungie nyuma. Njoo na wa pili mpaka ubaki na nafasi isiyofika mshono mmoja, kisha rekebisha urefu wa mishono miwili ya mwisho ili ule wa mwisho kabisa upite kando ya mshono wa mstari wa kwanza na kuingia kitambaani katikati ya urefu wake, upande ulioachwa wazi. Usiuchome uzi wa yule mwingine, pita kando yake tu. Ukiishia pale ncha zinapogusana bila kupishana, patakuwa na kiuno chembamba. Ukipishana mshono mzima, patakuwa na uvimbe. Nusu mshono ndiyo sawa, kwa sababu ndiyo nafasi ambayo mshono wa shina hupishana kila mahali pengine.

Herufi imetoka vizuri. Nimeigeuza kwenye mwanga wa taa, mahali pa kuungania sijapaona kwa kidole wala kwa jicho, na mimi ndiye niliyepaunga.

Herufi a na m za Salama ni ndogo na zina ncha kali. Kwenye ncha siuzungushi uzi. Nauingiza kitambaani kwenye ncha yenyewe, naushika kwa nyuma chini ya mshono mmoja, kisha natoka upya na kuanza mwendo mpya. Mshono wa shina ukilazimishwa kugeuka kwenye ncha hutoa kona butu.

Jumanne, ndani ya kikono

Sasa tuko kwenye mzunguko wa ndani, upana wa milimita 3. Hapa hata mshono wa milimita 2 unaingia ndani zaidi ya theluthi moja ya milimita, na kwa uzi mmoja mwembamba mkato huo unaonekana. Kufupisha chini ya milimita moja na nusu kwa mshono wa shina hakusaidii, kwa kuwa mishono inakosa nafasi ya kulala kwa mshazari na inakuwa vinundu. Hapa naingia kwenye mshono wa kupasua.

Mshono wa kupasua unafuata njia ile ile, mbele kisha nyuma, isipokuwa sindano haitokei kando ya mshono uliotangulia. Inatokea katikati yake, ikiupasua uzi. Kwa hiyo mshono huu hauna kulia wala kushoto, hauna mshazari, na hauulizi unazunguka upande gani. Mstari wake ni laini, unaokaribia kufanana na mnyororo mwembamba sana. Faida yake kwenye mpindo mkali ni kwamba kila mshono unashikwa mahali patatu: ncha mbili, na pale ulipopasuliwa. Naitokeza sindano juu ya mstari uliochorwa hasa, na ikitokea inauvuta mshono uliotangulia urudi kwenye mstari na kuubana hapo. Mshono wa milimita moja na nusu uliobanwa katikati unafanya kazi kama vipande viwili vya robo tatu ya milimita.

Wadarizi wa Uingereza wa karne ya 13 na 14 waliujua vizuri ubora huu. Nyuso za watakatifu kwenye majoho ya kanisa waliziweka kwa mshono wa kupasua wa hariri nyembamba, na kwenye shavu waliuzungusha mstari ukijikunja hadi katikati. Mojawapo ya majoho ya kazi hiyo, Joho la Syon la miaka ya 1310 hadi 1320 hivi, liko kwenye Jumba la Makumbusho la Victoria na Albert, London. Mzunguko wa shavu na mzunguko wa kikono changu ni tatizo moja.

Msokoto wa uzi una kazi yake hapa pia, ingawa hauonekani juu. Uzi uliosokotwa sana haupasuki, sindano inateleza kwenye ubavu wake na kutokea upande mmoja, na mstari unayumba. Kwa hiyo kabla ya kila kikono naiachia sindano ining'inie na uzi ujifungue wenyewe, kisha nauzungusha kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, kinyume cha msokoto wake, mpaka ulegee. Natumia sindano namba 9 yenye ncha kali. Sindano butu inasukuma uzi pembeni badala ya kuupasua. Kutoka chini nagusa kwanza kwa ncha, natazama juu kama iko katikati ya uzi, ndipo nasukuma. Ni kazi ya polepole na sioni njia ya kuiharakisha.

Kwenye shina mambo ni kinyume. Kule nataka msokoto ubaki, kwa sababu ndio unaosimamisha mstari. Vidole huugeuza uzi kidogo kila sindano inapopita, na baada ya mishono mingi uzi unaweza kuwa umefunguka au umekazika. Ukifunguka, nyuzi mbili zinatengana na mstari unapanuka na kulala. Ukikazika, uzi unajikunja vitanzi unapoulegeza, na mstari unakonda. Nautazama uzi kila baada ya urefu wa kidole na kuurekebisha kwa kuzungusha sindano. Mstari uliobadilika unene bila kubadili upande mara nyingi umetokana na hili.

Palipobaki ni pa kubadilishia mshono. Kwa vikono vinavyoshonwa kutoka ndani, naanza kitovuni kwa uzi mmoja na mshono wa kupasua. Nikifika pale mpindo unapofikia upana wa milimita 5 hivi, mshono unaofuata siupasui, sindano naitokeza kushoto kidogo ya uzi, bado inaugusa. Ule wa baada yake naitokeza kushoto kabisa, na tayari niko kwenye mshono wa shina. Uzi wa pili nauongeza mbele kidogo, mshono wa kwanza wa nyuzi mbili ukianza kando ya mshono wa uzi mmoja, ili mstari unenepe taratibu. Kwa vikono vinavyoshonwa kuelekea ndani ni hatua zile zile kwa mpangilio wa nyuma.

Ijumaa, maji na pasi

Foronya ya Lala imekamilika. Nimeiloweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini mpaka alama za kalamu zikatoka, nimeikamua kwa kuibana ndani ya taulo bila kuisokota, na nimeipiga pasi ingali na unyevu, uso wa darizi ukiwa chini juu ya taulo nene. Pasi ikipita juu ya uso wenyewe inaulaza mstari, na kazi yote ya kuchagua Z inapotea.

Popilini imejivuta kidogo kuzunguka vikono viwili vya kona ya juu, ambako mishono imesongamana. Pasi imeinyoosha. Kwenye foronya ya pili ringi itakazwa zaidi kwenye sehemu hizo, na uzi utavutwa hadi ulale tu, bila kukazwa.

Foronya ya Salama imebaki kona mbili na vikono vyake. Mishale iko kwenye kitambaa, na binti ameandika mpangilio wake pembeni ya karatasi ya mchoro: vikono vya kushoto vinaanzia kitovuni, vya kulia vinaanzia kwenye shina, uzi juu ya sindano kila anapoelekea kushoto. Ataanza na kona ya chini, ambako mipindo ni mipana zaidi.